Shilingi bilioni 10 hazitaihamisha benki ndogo

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ipitishwe mwishoni mwa 2024, mazungumzo kuhusu benki nchini Kenya yamekuwa ya namba moja tu. Kila benki ya biashara inatakiwa kuwa na mtaji wa msingi, yaani pesa za wenye hisa na faida iliyobakizwa, wa shilingi bilioni 10 kufikia tarehe 31 Desemba 2029, kutoka bilioni 1 iliyokuwa ikitosha tangu 2012. Mpando huo umewekwa kwa ngazi: bilioni 3 mwisho wa 2025, bilioni 5 mwisho wa 2026, kisha 6, 8 na hatimaye 10. Ngazi ya kwanza imeshapita, ya pili iko karibu, na kila anayefuatilia sekta hii anauliza nani atafika na nani atanunuliwa njiani. Swali hilo lina maana. Ila nyuma yake kuna dhana ambayo sikubaliani nayo hata kidogo, kwamba kinachoizuia benki ndogo kupambana na Equity, KCB na Co-operative ni uchache wa mtaji, na kwamba ikishaongezewa mtaji itapanda yenyewe. Ninavyoona mimi, mtaji ni kizuizi kimoja kati ya kadhaa, na unalinda mpaka mmoja tu wa soko, yaani mpaka wa mikopo mikubwa ya kampuni. Mipaka mingine inalindwa na mambo ambayo sheria hii haiyagusi, na benki itakayokosea kuisoma mipaka hiyo itaupoteza mtaji wake mpya ikihangaika kuhamia mahali ambapo haiwezi kuishi.

Njia nzuri ya kuiona mipaka hiyo ni kuchora ramani ya makundi ya kimkakati. Wazo hili liliwekwa sawa na Richard Caves na Michael Porter mwaka 1977. Walisema kwamba ndani ya sekta moja kampuni hazishindani zote kwa zote. Zinajikusanya katika makundi yanayofuata mkakati unaofanana, na kati ya kundi na kundi kuna vizuizi vya kuhama, kama vile kuna vizuizi vya kuingia kwa aliye nje ya sekta nzima. Mwenye leseni ya benki ameshavuka kizuizi cha kuingia. Hilo halimaanishi kwamba anaweza kesho kufanya kazi ya benki iliyo jirani yake mtaani. Benki Kuu ya Kenya nayo hugawa benki katika makundi matatu, kubwa, za kati na ndogo, kwa kipimo kinachochanganya mali, amana, mtaji na idadi ya akaunti za amana na za mikopo. Zenye zaidi ya asilimia 5 ya soko ni kubwa, zilizo chini ya asilimia 1 ni ndogo. Mgawanyo huo unamfaa msimamizi, lakini unaonyesha ukubwa tu. Haumwambii mtu benki inaishi kwa kazi gani, wala ni nini kitaiumiza ikijaribu kazi nyingine.

Ramani ninayoitumia ina mistari miwili. Mstari wa chini unapima benki imeenea kiasi gani, na mstari wa kupanda unapima upana wa huduma. Inaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wakihesabu matawi tu, benki yenye matawi 30 jijini Nairobi inakaa sehemu moja na benki yenye matawi 30 katika kaunti 30, ilhali hizo ni biashara mbili zisizofanana kwa gharama, kwa wateja wala kwa aina ya wafanyakazi. Ndiyo maana ni afadhali kuhesabu kaunti, kati ya zile 47, ambamo benki ina angalau tawi moja linalopokea na kutoa pesa taslimu. Kwenye huduma kosa ni la namna nyingine. Tovuti ya karibu kila benki inaorodhesha kila kitu: mikopo ya nyumba, fedha za kigeni, bima, dhamana za malipo kwa waagizaji wa bidhaa, mikopo ya magari. Ukienda tawi la mjini Kapenguria au Kitui ukaomba dhamana ya malipo ya kuagiza mashine kutoka China, utaambiwa faili linapelekwa makao makuu. Huduma ihesabiwe pale inapotolewa na mtu mwenye mamlaka ya kuiamua, si pale ilipoandikwa. Kisha kuna mtihani mmoja wa mwisho: ikiwa nukta zote zimejipanga kwenye mshazari mmoja kutoka chini kushoto hadi juu kulia, ramani imefeli. Mistari miwili imekuwa mmoja, na kilichopimwa ni ukubwa tu.

Kwa Kenya nukta hazijipangi hivyo. Upande wa kulia juu wako watatu, Equity, KCB na Co-operative, wenye matawi karibu kila pembe ya nchi na huduma kutoka kwa mama mboga hadi serikalini. Katikati, juu zaidi kuliko kulia, wako Absa, NCBA, Stanbic, Standard Chartered, I&M na Diamond Trust, ambao huduma zao kwa kampuni na kwa watu wenye kipato ni pana kuliko mtandao wao wa matawi. Kushoto kabisa kuna kundi ambalo watu hulisema kama moja na kwa kweli ni mawili. Kuna Citibank, yenye matawi machache mno na kazi nzito ya kuhudumia kampuni za kimataifa na taasisi, ambayo imekaa hapo kwa kuchagua na haina haja ya kuhama. Halafu kuna benki ndogo za wenyeji, nyingi zilizoanzishwa kuhudumia wafanyabiashara wa jamii fulani au familia fulani, zenye matawi Nairobi, Mombasa na labda miji mingine michache. Hizi ndizo zinazosakamwa na bilioni 10. Na ndizo zinazoambiwa zipande.

Kona ya kulia chini, ya kuenea sana kwa huduma chache, inafundisha jambo ambalo kona nyingine hazifundishi. Kwa miaka mingi imekaliwa na Postbank, benki ya akiba ya posta iliyoanza mwaka 1910, inayojulikana hadi vijijini na ambayo kwa sheria yake hairuhusiwi kukopesha. Inakusanya akiba ya watu wadogo na kuiweka hasa kwenye dhamana za serikali. Mtaji wa aina yoyote hauwezi kuipandisha juu kwenye ramani, maana kizuizi chake kimeandikwa kwenye kifungu cha sheria. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na benki kwenye kona ileile. Benki ya Posta ya huko ilikuwa na ruhusa ya kukopesha, ikapewa Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake mwaka 2018, ikaunganishwa na TIB Corporate mwaka 2020, na mwaka 2021 ikawa Tanzania Commercial Bank. Benki mbili zenye asili moja ziliishia mahali tofauti kwenye ramani, na tofauti ilianzia kwenye kile ambacho kila moja iliruhusiwa kufanya, kabla hata suala la pesa halijafika mezani.

Sasa tumtazame aliyehama kweli. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi wa nyumba, na mwaka 1993 ilikuwa imefilisika kwa hesabu za kitaalamu: mikopo haikulipika na hasara zilikuwa zimemeza mtaji. Walichofanya baada ya hapo kinasemwa sana kama hadithi ya ushujaa, na hadithi hiyo huficha mpangilio wa mambo. Kwanza walibadili biashara, wakaacha mikopo ya muda mrefu ya nyumba na kuanza kuhudumia wakulima wadogo na wachuuzi. Walituma magari yenye huduma za benki hadi kwenye masoko ya vijijini, na walijifunza kumkopesha mtu asiye na hati ya mshahara wala hati ya shamba kwa kuangalia mzunguko wa pesa zake na majirani wanaomfahamu. Haya yalitokea wakati benki kubwa za kigeni zilikuwa zinafunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha salio, hivyo wateja walikuwapo bila mwenyewe. Mwaka 2004 ikapata leseni ya benki. Mwaka 2006 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi. Ni mwishoni mwa 2007 tu ndipo kampuni ya uwekezaji ya Helios ilipoleta shilingi bilioni 11 kwa takriban robo ya hisa. Angalia mfuatano huo: wateja, ujuzi, leseni, na mtaji mkubwa ukaja mwisho, kulipanua jambo ambalo tayari lilikuwa linafanya kazi. Anayetumia mfano wa Equity kutetea bilioni 10 anaupindua mfano huo.

Kizuizi kilichojengwa na miaka hiyo ya Equity, na kwa njia zao KCB na Co-operative, kinaitwa amana za bei nafuu. Mwalimu anayepitishia mshahara kwenye akaunti yake, duka linaloweka mauzo ya kila jioni, chama cha akiba na mikopo kinachotunza pesa za kuzungusha, wote hao huacha salio ambalo benki hulilipia riba ndogo au hailipi kabisa. Benki ndogo haina watu hao. Inapata amana kwa kuzinunua: inapigia simu mfuko wa pensheni, kampuni ya bima au tajiri mmoja, na kushindana kwa riba ya akaunti ya muda maalumu. Ukianza na pesa za bei hiyo huwezi kukopesha mteja mzuri kwa riba ya ushindani. Unabaki na wateja ambao wengine wamewakataa, au unabaki na mradi mmoja wa nyumba za kifahari na kuomba Mungu uuzike.

Wapo wanaosema simu imeyafuta haya yote, na hii ni hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, kwa hiyo inastahili kupewa nafasi. Mfano wao ni Benki ya Biashara ya Afrika, CBA, iliyokuwa benki ya kampuni na watu wenye uwezo, yenye matawi machache. Novemba 2012 ilizindua M-Shwari pamoja na Safaricom, na katika muda mfupi ikawa na mamilioni ya akaunti bila kujenga hata tawi moja kwa ajili yao. Ukipima kuenea kwa idadi ya wateja, hakuna benki iliyowahi kuruka mbali hivyo kwenye ramani. Lakini tazama ilipotua. Wateja hao walipata vitu viwili, akiba na mkopo mdogo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5. Mteja wa M-Shwari hakuwa mteja wa mkopo wa gari wa CBA, wala hakuleta mshahara wake. Mwaka 2015 Safaricom ilifungua mlango uleule kwa KCB, ikaanza KCB M-Pesa, na mwaka 2019 Fuliza ikaja na benki zote mbili nyuma yake. Mtandao wa kukodi unakufikisha kwa watu, lakini mwenye mtandao ndiye anayeamua nani mwingine aingie. Kwa hiyo haukupi kizuizi cha kumzuia jirani. Na CBA yenyewe ilipotaka kupanda kwenye mstari wa huduma na kupata matawi zaidi ilifanya kile ambacho benki zimekuwa zikifanya siku zote: mwaka 2019 iliungana na NIC, benki yenye uzoefu wa mikopo ya magari na mitambo, wakawa NCBA.

Mawakala nao husemwa kama tiba ya uhaba wa matawi. Benki Kuu iliwaruhusu mwaka 2010, na ingekuwa kweli kwamba wakala anachukua nafasi ya tawi, basi benki zisizo na matawi zingekuwa za kwanza kujaza mawakala nchini. Ikawa kinyume. Sehemu kubwa mno ya mawakala ni ya benki tatu zilezile zenye matawi mengi. Sababu utaiona ukikaa kaunta ya wakala wa Endebess, nje ya Kitale. Januari, wazazi wanaleta karo. Kila anayeweka pesa anampunguzia wakala floti ya kwenye mashine na kumuongezea noti kwenye droo, na kabla ya saa sita mchana floti imeisha huku droo imejaa. Afunge duka, apande matatu hadi Kitale, aweke zile noti kwenye tawi ndipo floti irudi. Msimu wa kuuza mahindi mambo yanageuka: wakulima wanataka taslimu, droo inakauka, na safari ya Kitale ni ya kwenda kuchukua noti. Kila safari ni saa kadhaa bila kamisheni, nauli, na hatari ya kubeba pesa barabarani. Wakala huyu hawezi kushika mashine ya benki ambayo tawi lake la karibu liko Eldoret, hata akipewa kamisheni nono. Atakubali mashine, ataibandika bango, na ukiingia kuweka pesa atakwambia mtandao uko chini. Wakala anaongeza urefu wa mkono wa tawi. Pasipo tawi hakuna mkono wa kurefusha.

Tuchukue benki moja ya kufikirika tuifanyie hesabu, kwa tarakimu ninazozichagua mimi ili ziwe rahisi kufuata. Ina matawi matano, matatu Nairobi, moja Mombasa, moja Nakuru. Mtaji wa msingi ulikuwa bilioni 1.5 na amana bilioni 12. Wenyewe wanachanga, mwekezaji anaingia, mtaji unafika bilioni 5. Kanuni inataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 8 ya amana, kwa hiyo bilioni 5 inaruhusu amana hadi bilioni 62.5. Wenye hisa walioweka bilioni 3.5 mpya wanataka faida, na kwa amana za bilioni 12 faida hiyo haipo. Lazima amana zikue mara kadhaa. Mkurugenzi ana njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza ni kwenda kulia kwenye ramani, yaani kufungua matawi kukusanya amana za bei nafuu. Tuseme tawi moja linaendeshwa kwa shilingi milioni 25 kwa mwaka, pango, mishahara, ulinzi, usafirishaji wa pesa na mitambo. Tuseme pia amana za watu wa kawaida zinagharimu asilimia 3 na zile za kununua kwa taasisi zinagharimu 10. Faida ya tawi ni ile tofauti ya asilimia 7. Ili irudishe milioni 25, tawi lishike wastani wa amana za milioni 357. Kama wastani wa salio ni shilingi 15,000, hizo ni akaunti karibu 23,800 kwa tawi moja, zote hai, katika mji ambao mshahara wa mwalimu tayari unapita KCB, mauzo ya duka yanapita Equity na chama cha wakulima kiko Co-operative. Zidisha kwa matawi 20. Inawezekana, ila ni kazi ya miaka mingi yenye hasara mwanzoni, na wakati huo ngazi ya 6, 8 na 10 inasubiri. Hasara ya matawi mapya inakatwa kwenye mtaji uleule unaotakiwa kupanda. Kwa maneno mengine, ratiba ya sheria yenyewe inaiadhibu benki inayojaribu kuenea.

Njia ya pili ni kwenda juu, na hapa ndipo mtaji unapofungua mlango kweli. Benki hairuhusiwi kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi. Kwa bilioni 1.5, mkopo mkubwa kabisa ulikuwa milioni 375. Kwa bilioni 5 ni bilioni 1.25, na kwa bilioni 10 ni bilioni 2.5. Mkandarasi, kiwanda cha saruji au mwagizaji wa mafuta ambaye jana hakuweza hata kuingia kwenye mazungumzo leo anaweza kuhudumiwa. Hauhitaji matawi 20 kumpata. Unahitaji maofisa wachache wanaojua kusoma vitabu vya kampuni na benki za nje zinazoamini dhamana zako za malipo. Kwa mkurugenzi mwenye miaka minne mkononi hii ndiyo njia inayoitikia haraka. Ninachohofia ni kwamba benki nyingi ndogo zitakwenda huko kwa pamoja, zikiwa na ujuzi wa kumkopesha mwenye duka la jumla Biashara Street lakini bila ujuzi wa kumkopesha mkandarasi anayesubiri malipo ya serikali. Mkopo mmoja wa bilioni 1.25 ukiharibika, robo ya mtaji iko hatarini. Ujuzi wa kupima mkopo mkubwa ni kizuizi cha kuhama kama vile matawi yalivyo, tofauti yake ni kwamba hauonekani barabarani, hivyo ni rahisi kudhani umeshauvuka.

Watetezi wa kiwango kipya wana jibu, na nusu yake ni sahihi. Wanakumbusha miezi ile ya Agosti 2015 hadi Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial na Chase zilipowekwa chini ya mrasimu mmoja baada ya mwingine na watu wakapanga foleni nje ya milango iliyofungwa. Mtaji mkubwa hufyonza hasara, na mwenye pesa zake nyingi ndani huwa mwangalifu zaidi. Nakubali kwamba bilioni 1 ilikuwa imepitwa na wakati, na aliyeweka akiba yake ana haki ya ukuta mnene kuliko ule. Ila Imperial na Chase hazikuanguka kwa kukosa bilioni 1. Katika ile ya kwanza ilikuwa ni mikopo iliyofichwa nje ya vitabu, katika ile ya pili mikopo kwa watu wa ndani ambayo hesabu za mwanzo hazikuionyesha ilivyo. Usalama na uwezo wa kushindana ni mambo mawili. Sheria inaweza kusaidia la kwanza bila kugusa la pili, na ingekuwa vyema watetezi wake waseme hivyo waziwazi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya kuunganisha ndogo na ndogo. Inasikika vyumba vya mikutano kila wiki: benki mbili zenye bilioni 2 na nusu kila moja zikioana, tayari zina 5. Kwa hesabu ya mtaji ni kweli. Kwenye ramani, nukta mbili zilizo kona moja zikiunganishwa hubaki kona ileile. Matawi yao yako mitaa ileile ya Nairobi na Mombasa, wateja wao wanajuana, amana zao wamenunua kwa taasisi zilezile, ambazo sasa zitapunguza kiasi kwa kuwa kila mfuko una ukomo wa pesa unazoweka kwa benki moja. Kuna mifumo miwili ya kompyuta ya kuunganishwa na wafanyakazi wa kupunguzwa. Muungano huhamisha benki pale tu kila upande unapoleta kile ambacho mwenzake hana. CBA na NIC walikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Hata mnunuzi mkubwa anaweza kukosa mwafaka: KCB iliinunua National Bank mwaka 2019, ikakaa nayo kama kampuni tanzu, na mwaka 2025 ikawa imeshaiuzia Access ya Nigeria. KCB tayari ilikuwa na matawi kwenye miji ile. Kwa Access, iliyokuwa imeingia Kenya mwaka 2020 kwa kununua Transnational na ikabaki kushoto kwenye ramani, matawi yaleyale yalikuwa njia ya kuhamia kulia kwa siku moja.

Mfano wa Access unaonyesha soko litaelekea wapi. Kwa miaka karibu kumi, kuanzia Novemba 2015, Benki Kuu ilisimamisha maombi ya leseni mpya, na benki yoyote ndogo ilikuwa na thamani kwa sababu ya cheti chake tu. Tarehe 1 Julai 2025 zuio hilo liliondolewa, ilimradi anayekuja aonyeshe anaweza kufikia bilioni 10. Mwekezaji mwenye pesa hizo sasa anaweza kuomba leseni yake safi. Akinunua benki iliyopo, atakuwa ananunua mahali pake kwenye ramani: amana za bei nafuu, matawi katika kaunti ambazo wengine hawapo, au maofisa wanaojua aina fulani ya mteja kuliko mtu yeyote. Benki ndogo isiyo na hata kimoja kati ya hivyo itakuta bei yake imeshuka katika wakati ambao wenye hisa wanaombwa kuchanga zaidi. Wanaofikiria kuuza wangefanya vyema kuuza kabla ya ngazi ya bilioni 6, maana kadiri miaka inavyosonga ndivyo wauzaji watakavyoongezeka.

Kwa zile zitakazobaki, sidhani zinapaswa kuiga watatu wa juu kulia. Nafasi ninayoiona ni ya benki inayochagua kaunti mbili au tatu zilizo karibu na kujaza huduma humo, kwa mfano Mombasa, Kilifi na Kwale, ambako kuna bandari, utalii, mazao ya nazi na korosho na biashara za familia zinazorithishana. Matawi sita au saba yaliyokaribiana yanaweza kubeba mawakala, kwa kuwa floti iko karibu. Maofisa wanajifunza aina chache za biashara mpaka wazijue, na dhamana za malipo zinaamuliwa Mombasa badala ya kusubiri Nairobi. Huko ni kupanda kwenye ramani bila kukimbilia kulia, na mtaji wa bilioni 10 unatosha kwa hilo na unabaki. Benki Kuu ingeweza kusaidia kwa jambo dogo lisilohitaji sheria mpya: katika ripoti yake ya kila mwaka ichapishe, kwa kila benki, kaunti ilizomo na huduma zinazoamuliwa humo. Leo tunapata idadi ya matawi kwa kaunti na ukubwa wa kila benki, lakini si hayo mawili pamoja.

Hadi hilo lifanyike, msomaji anayetaka kujua kama benki yake inahama au inavimba tu ana nyenzo gazetini. Kila baada ya miezi mitatu benki huchapisha hesabu zake. Chukua mstari wa riba iliyolipwa kwa amana za wateja, uugawe kwa jumla ya amana, ukikumbuka kuzidisha ipasavyo ikiwa hesabu ni za robo mwaka. Kisha fanya hivyohivyo kwa KCB au Co-operative na uangalie pengo kati yao. Benki inayoenea kweli pengo lake hupungua robo baada ya robo, hata kama faida bado ni ndogo. Ikiwa mtaji umepanda, mikopo imepanda, na pengo limebaki palepale au limepanuka, basi pesa mpya zimekwenda kwenye mikopo mikubwa inayobebwa na amana za kununua. Mwisho wa Desemba 2026 tutasomewa orodha ya waliofikisha bilioni 5. Pengo hili halitakuwa kwenye orodha hiyo, na mwenye akiba itabidi alitafute mwenyewe.